Tupeane uzoefu: kiasi au tarehe kwenye barua pepe iliyowahi kukuletea ugomvi wa malipo

Karani wa Nakshi, Lamu
Assalaam aleikum. Naanza na langu. Natunza hesabu za karakana ya milango ya nakshi hapa Amu. Mwaka jana mteja wa Malindi aliagiza mlango na miimo yake, mfaa uchongwe maua. Tulishaelewana kwa simu, nikamwandikia barua pepe: "Jumla ni elfu mia mbili na hamsini, nusu itangulie." Niliandika kwa maneno makusudi, maana tarakimu sifuri huponyoka.

Siku ya tatu ikaingia 100,025. Ile 25 ilinisumbua usiku kucha. Nusu ya 250,000 ni 125,000. Asubuhi nikaizidisha mara mbili pesa yake, ikawa 200,050. Kumbe karani wake alisoma "elfu mia mbili", akapumua, kisha "na hamsini". Na Kiswahili chake hakina kosa, maneno yangu yanakubali yote mawili. Mbao tulishazipasua. Tukamalizana kwa 230,000, na ile 20,000 ilitoka kwenye ujira wa mafundi, jambo linaloniuma hadi leo.

Sasa kila barua ya bei inaishia hivi:

```
Jumla: KES 250,000
Kwa maneno: shilingi za Kenya laki mbili na elfu hamsini tu
Malipo ya kwanza: KES 125,000
Kwa maneno: shilingi za Kenya laki moja na elfu ishirini na elfu tano tu
Mwisho wa kulipa: 5 Septemba 2025
```

Neno "elfu" nalirudia hata likichosha sikio.

Bi Hesabu, Malindi
Umegusa penyewe, ndugu yangu. Mimi hutanguliza idadi: "mia mbili na hamsini elfu". Elfu ikikaa mwisho inabeba yote yaliyotangulia.

Huku kwetu shida kubwa ni nukta. Waitaliano huandika 1.250,00 pale sisi tunapoandika 1,250.00. Mgeni alituletea gharama tatu za nyumba kwa yuro: 1.250, 980 na 640. Kijana wangu akazinakili kwenye jedwali la kompyuta, jumla ikatoka 1,621.25 badala ya 2,870. Mashine haikulalamika, iliisoma ile ya kwanza kama yuro moja na senti 25. Tuligundua kwa sababu gharama zote zilikuwa yuro kamili, hivyo senti zisingeweza kutokea popote. Siku hizi namwandikia mgeni EUR 1250, bila nukta wala mkato, na chini yake kwa maneno.

Mtu wa Shela
Mbona mnahangaika? Sheria iko wazi: maneno na tarakimu zikigongana, maneno yanashinda. Andika maneno, ulale.

Bi Hesabu, Malindi
Hilo ni la hundi, kaka. Liko kwenye Sura ya 27 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 9. Barua pepe si hundi, itasomwa pamoja na mliyozungumza na mliyozoea kulipana. Na hata hayo maneno yakishinda, ya Karani yangeshinda kwa maana ipi?

Mwenye Mashua
Mimi pia niliibiwa! Mgeni alisema ametuma EUR 1000, kwangu zikafika pungufu. Nimfuate nani?

Karani wa Nakshi, Lamu
Pole, lakini hapo huenda hukuibiwa. Benki za njiani hukata ada. Ongeza mstari: "Kiasi kitakachofika kwetu kiwe EUR 1000 kamili, ada za benki juu ya mtumaji."

Mwenye Mashua
Sawa, hilo sikuwahi kuliandika. Basi na tarehe nawapa. Mmarekani aliandika 05/09/2025. Mimi nikaandaa mashua ya Septemba, yeye alitua Mei 9 na familia yake, mabaharia wangu wako Kiunga. Tena nilikuwa nimemwandikia "Ijumaa" nikidhani siku itatulinda. Angalieni kalenda: 9 Mei na 5 Septemba 2025 zote ni Ijumaa.

Mzee wa Mkomani
Wanangu, mwezi uandikwe jina. Mimi niliandikiwa "tutalipa mwezi wa sita". Aliyeandika alikusudia Juni, mimi nikahesabu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Nilimdai mtu kabla ya wakati wake, ikabidi nimwombe radhi.

Karani wa Nakshi, Lamu
Shikamoo mzee, hilo sikuliwaza kabisa. Limebaki moja linanikereketa. Mteja wangu mpya hajui Kiswahili, kwa hiyo jumla naiandika kwa maneno ya lugha mbili. Nikikosea moja, ipi ishike? Bi Hesabu, nyinyi mnaandika nini?

Bi Hesabu, Malindi
Sisi tunaandika lugha moja tu, ile ya mlipaji. Wakili mmoja aliniambia niandike zote na nitaje ipi itawale. Bado sijaamua.