Naomba ushauri: mzee ana presha na figo, sigara haachi

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Baba mdogo wangu, miaka 58, yupo Mbagala, ana presha ya siku nyingi na figo zimeanza kuchoka. Mwaka jana kipimo cha eGFR, kinachoonyesha figo zinachuja kwa kiwango gani, kilisoma 52, mwezi huu kimeshuka hadi 41, na mkojo una protini. Losatani na amlodipini anameza bila kuruka, chumvi kapunguza, lakini presha bado inacheza kwenye 150/95.

Daktari anasema sigara inachangia sana: nikotini inabana mishipa, presha inapanda, vichujio vya figo vinaumia na kuzidi kuvujisha protini. Mzee kashuka kutoka pakiti nzima hadi sigara tano kwa siku, anaona inatosha. Ile ya asubuhi na chai ndiyo haigusiki! Tena akishaivuta ndipo anapima presha, nimemwambia asubiri angalau nusu saa.

Naomba kujua, kuna aliyeacha kabisa akiwa na figo za hivi, kasi ya kushuka ikapungua? Na bigijii au plasta za nikotini, mgonjwa wa figo anaruhusiwa kutumia? Kwa hapa Dar famasi zinakuwa nazo?