Chila mbili zinawaka kwa mzigo wa chila moja, delta T, yaani tofauti ya joto la maji yanayokwenda na yanayorudi, ni 2 tu. Nianzie wapi wakuu?

FundiNyamagana
Mwangaluka wakuu. Mimi ni fundi wa jengo la ghorofa 7 upande wa ziwani hapa Mwanza, nimeachiwa mtambo wa maji baridi tangu mwaka uanze na kuna kitu kinaninyima usingizi. Tuna chila mbili, kila moja kilowati 700, zimepangwa kutoa maji ya nyuzi 7 na kuyapokea yakiwa 13. Kila chila ina pampu yake ya praimari inayosukuma lita 28 kwa sekunde, haibadiliki, halafu kuna pampu za sekondari zenye inveta zinazopeleka maji kwenye mashine za kupoza hewa, AHU kubwa na FCU ndogo za vyumbani, katikati yake lipo bomba la baipasi.

Sasa saa nane mchana nikiwa na chila moja, chila inatoa 7 kama kawaida lakini maji yanayopanda juu yanasoma 8.4, ghorofa ya 6 na 7 wanaanza kupiga simu kwamba kuna joto. Nikiwasha ya pili yanarudi 7 na simu zinakata, ila kila chila inakuwa na mzigo wa asilimia 32 tu na inapokea maji ya 8.9. Mita ya sekondari inasoma lita 44 kwa sekunde, maji yanayorudi kutoka kwenye jengo ni 9.4.

Kuna watu wameshaleta bei ya chila ya tatu na wiki ijayo uongozi unakaa kikao. Mimi moyoni nakataa, chila iko asilimia 32 tunasemaje haitoshi? Lakini sina maneno ya kuwaambia wakanielewa.

Buzuruga_Friji
Mkuu hiyo ni gesi imepungua. Juzi nilikuwa na split moja hapa Buzuruga inapuliza hewa ya uvuguvugu, nikaongeza gesi ikaganda kabisa. Pima presha kwanza usihangaike na maji.

FundiNyamagana
Asante mkuu ila chila inatoa 7 vizuri tu, gesi ingepungua si ingeshindwa kufikisha hiyo 7? Maji yanapata joto baada ya kutoka kwenye chila.

MamaPampu
Mdogo wangu umejibu vizuri. Kabla sijasema lolote nipe namba moja, ukiwa na chila moja tu, maji yanayoingia kwenye chila yanasoma ngapi?

FundiNyamagana
10.8 dada. Na yanayorudi kutoka kwenye jengo ni hiyohiyo 10.8.

MamaPampu
Basi kaa na kalamu. Fomula ni moja tu:

```
kW = 4.19 * lita_kwa_sekunde * (T_kurudi - T_kwenda)
```

Upande wa chila, lita 28 na tofauti ya 3.8, unapata kama kilowati 446. Upande wa jengo, lita 44 na tofauti ya 2.4, unapata 442. Zimekubaliana, maana yake mita na sensa zako hazidanganyi sana, na hilo lazima ulijue kwanza kabla hujamnyooshea mtu kidole. Mzigo wako saa nane mchana ni kama 440, chila yako moja ni 700. Hiyo sentensi iandike uipeleke kwenye kikao.

Sasa angalia maji yanakwenda wapi. Jengo linavuta 44, chila inatoa 28. Hizo 16 zinazopungua zinatoka wapi? Zinatoka kwenye maji yaliyorudi, yanapita kwenye baipasi kinyumenyume na kuchanganyika na maji baridi. Chukua lita 28 za nyuzi 7, changanya na lita 16 za nyuzi 10.8, utapata kama 8.4, ndiyo namba uliyoiona wewe. Kwaiyo chila haikushindwa kupoza, jengo linavuta maji mengi kuliko joto linaloyapa. Mzigo wa 440 kwa tofauti ya 6 ulitakiwa kutumia lita 17 na nusu tu, nyie mnatumia 44!

Na ubaya wake unajizidisha wenyewe. Maji yakipanda na 8.4 badala ya 7, koili hazifikishi hewa kwenye nyuzi ilizopangiwa, valvu zinafunguka zaidi, mtiririko unaongezeka, maji mengi zaidi yanarudi kupitia baipasi. Ukiwasha chila ya pili unaikata ile duara, lakini unalipia chila nzima na pampu yake kwa ajili tu ya kuzuia maji yasirudi kwenye baipasi.

KirumbaInveta
Sisi tulikuwa na hali hiyohiyo, nikashusha inveta ya sekondari kutoka hezi 48 hadi 35, delta T ikapanda siku hiyohiyo. Usiende mbali mkuu, presha yenu imewekwa juu mno.

MamaPampu
Kaka hapo umeshika nusu, nakupa haki yako kwa sababu presha ikizidi mota ndogo za valvu zinashindwa kufunga, maji yanasukuma yanapita. Lakini ukishusha pampu kabla ya kujua nani anayevuta, delta T itapanda na ghorofa ya 7 itakosa maji, maana AHU iliyo karibu na pampu ndiyo inajichotea kwanza. Je, ya kwenu ghorofa za juu hazikulalamika?

KirumbaInveta
Walilalamika wachache, tukawaongezea feni.

MamaPampu
Ndiyo hilo ninalolisema.

FundiNyamagana, mimi ningeanza usiku. Saa nane usiku AHU zote zimezimwa, valvu zote kwenye BMS, ile kompyuta inayoongoza mitambo ya jengo, zinasema 0, je mita ya sekondari inasoma ngapi? Jengo likiwa limelala mtiririko unatakiwa kuwa karibu na sifuri. Kinachobaki ndiyo maji yanayopita bila kazi. Usiangalie namba ya mchana peke yake, mchana kila kitu kimechanganyika hutamjua mwizi. Na alfajiri moja zima chila zote uache pampu zinazunguka dakika ishirini, sensa zote zinatakiwa kusoma sawa, ikipishana nusu nyuzi kwenye delta T ya 2 umeshapotea robo nzima.

IgomaAC
Samahani nauliza, na wale wadudu wa ziwani? Kwetu msimu wao ukija filta za hewa zinajaa kama uji, nadhani koili zikiziba ndiyo delta T inakufa.

MamaPampu
Swali zuri, ila filta na koili si kitu kimoja. Filta ikijaa, hewa inapungua, na kama valvu inafuata joto la hewa inayotoka kwenye AHU, hewa kidogo ni rahisi kupozwa, valvu inajifunga yenyewe. Hapo delta T haifi, watu ndiyo wanakosa hewa. Ila kama valvu inafuata joto la chumba, chumba hakipoi, valvu inafunguka yote na hapo maji yanapita bure. Koili yenyewe ikiwa na uchafu ni mbaya pande zote mbili, maana joto halipiti. Kwaiyo cheki kwanza kila AHU yako inafuata sensa ipi. Tena Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, feni ileile inabeba joto pungufu, mashine zilizopangiwa pwani zinaanza zikiwa zimeshachelewa kidogo.

FundiNyamagana (siku nne baadaye)
Wakuu nimerudi. Sensa zilipishana 0.2 tu, sawa. Lakini saa nane usiku, valvu zote BMS inasema 0, mita ilisoma LITA 19! Delta T 0.6. Nilishangaa nikarudia kusoma mara mbili.

Nikafanya kazi moja ya kitoto ila inafanya kazi, nikazunguka na tochi nikifunga geti valvu za AHU moja baada ya nyingine huku mwenzangu amekaa kwenye BMS ananisomea mita kwenye simu. Nikifunga ya ghorofa ya 3 akasema "imeshuka, imeshuka", zikaondoka lita 8 kwa mpigo. Kumbe skrubu ya mota ya valvu imelegea kwenye shina, mota inazunguka mpaka 0 na shina limesimama palepale wazi. Nililishika kwa mkono, shina limetulia kabisa na mota inajizungusha juu yake. Kwenye BMS inasoma imefungwa vizuri.

Halafu AHU ya mwisho ya ghorofa ya 7 ina valvu ya njia tatu, lita 5 zinapita siku zote hata ikifungwa. Zilizobaki 6 zimetawanyika kwenye FCU, nyingi hazina mota kabisa, zilitolewa zamani na hakuna aliyerudisha.

MamaPampu
Hongera, hiyo ya shina ndiyo inayowapotosha watu wengi, skrini inaonyesha amri, haionyeshi kitendo. Na mchana umeangalia AHU inayofunguka asilimia 100 muda wote?

FundiNyamagana
Ndiyo, mbili. Seti pointi ya hewa ya kutoka imewekwa 11, wengine wote wako 14. Inaelekea mtu alishusha siku ya malalamiko hakurudisha. Zikiwa na maji ya 8.4 hazifiki 11 hata kidogo, valvu iko wazi kutwa nzima.

MamaPampu
Rudisha 14. Koili ikiwa wazi kabisa, maji yakiongezeka mara mbili, baridi inaongezeka kidogo tu, unachopata zaidi ni maji yanayorudi yakiwa bado baridi.

FundiNyamagana (wiki iliyofuata)
Nimekaza skrubu, nimerudisha 14, njia tatu sijagusa. Jana saa nane mchana, chila moja: mtiririko lita 26, delta T 4. Maji yanayopanda 7.0, chila asilimia 62, simu hazijapigwa. Kikao kimeahirisha ile chila ya tatu mpaka tupate rekodi ya mwezi mzima.

Ila 4 si 6. Nifunge upande wa baipasi wa ile valvu ya njia tatu ya ghorofa ya 7?

KirumbaInveta
Usifunge, pampu ya sekondari usiku itakuwa inasukuma ukuta. Iache hiyo moja kama njia ya kupumulia.

MamaPampu
Hapo mimi na wewe tunapishana kidogo kaka. Kuacha njia ya kupumulia ni sawa, lita 5 ni nyingi. Kijana ana lita 2 tu za nafasi kabla ya maji kuanza kurudi kwenye baipasi tena, siku ya joto la Oktoba ataukosa huo mwanya. Mtiririko wa chini kabisa pampu yake inaouhitaji anao? Umeandikwa kwenye karatasi ya pampu.

FundiNyamagana
Karatasi sina dada, bati la pampu limefutika limebaki modeli tu. Naanza na mota za FCU kwanza, zipo kumi na nane.