Katoni 300 zilizoongezeka stoo: faida ya sabuni ni 1,300,000 au 100,000?

Mweka Hazina, Ujiji: Kikundi chetu kinatengeneza sabuni za mche kwa mawese. Mwezi uliopita tumetengeneza katoni 1,000, tumeuza 700 kwa shilingi 22,000 kila moja. Stoo ilianza na katoni 200, imefunga na 500. Mhasibu anasema faida ni 1,300,000. Kijana aliyepitia daftari lilelile anasema ni 100,000. Meneja anadai bonasi yake ya asilimia 10. Nani yuko sahihi, na bonasi ihesabiwe kwenye faida ipi?

Mzee wa Mwanga: Weka gharama hapa kwanza, ndugu. Bila hizo tutabishana hewani.

Mweka Hazina, Ujiji: Mafuta, kostiki soda, maboksi na vibarua ni 14,000 kwa katoni. Kodi ya banda, msimamizi wa uzalishaji na uchakavu wa mashine ni 4,000,000 kwa mwezi, iwe tumechemsha au hatukuchemsha. Ofisi na duka ni 1,500,000. Uzalishaji wetu wa kawaida ni katoni 1,000 kwa mwezi.

Mzee wa Mwanga: Basi wote wawili wamejumlisha vizuri. Wametofautiana juu ya jambo moja tu: ile 4,000,000 ya banda na msimamizi iende wapi.

Kijana ameihesabu yote kuwa gharama ya mwezi. Kila katoni iliyouzwa imeacha 8,000 juu ya gharama zake za moja kwa moja. Mara 700, inakuja 5,600,000. Ondoa 4,000,000, ondoa 1,500,000 ya ofisi na duka, inabaki 100,000.

Mhasibu ameigawa ile 4,000,000 kwa katoni 1,000, kila moja ikabeba 4,000. Kwake katoni imegharimu 18,000. Alizouza 700 zimempa 4,000 kila moja, jumla 2,800,000. Ametoa 1,500,000, ikabaki 1,300,000.

Sasa tazama stoo. Mlianza na katoni 200, mkamaliza na 500. Katoni 300 zilizoongezeka zimeondoka na 4,000 kila moja za kodi na mshahara, yaani 1,200,000, zikaingia nazo stoo kama mali. Hela imeshatoka mfukoni, ila kwenye hesabu ya faida bado haijaonekana. Hiyo 1,200,000 ndiyo tofauti yenu nzima, hakuna kingine.

Kijana wa Gungu: Mzee, mimi naona hesabu kubwa ndiyo ya kweli. Mkitengeneza nyingi, gharama ya kila katoni inashuka, kwa hiyo faida lazima ipande. Huo ndio ufanisi.

Mzee wa Mwanga: Nusu ya hilo ni kweli, kijana wangu. Ukigawa kodi ileile kwa katoni nyingi zaidi, kila moja inabeba kidogo. Lakini hapa kiwango hakikushuka, kimebaki 4,000 kwa sababu wametengeneza 1,000 zilezile za kawaida. Kilichopanda ni mzigo wa stoo. Na kodi ya banda haikupungua hata senti kwa sababu sabuni imelala.

Chukulia mwezi ujao wamechemsha katoni 700 tu, wakauza 1,000. Stoo inarudi 200. Kwa hesabu ya yule kijana mwingine faida inaruka mpaka 2,500,000. Kwa hesabu ya mhasibu, mauzo yanaleta 4,000,000 na ofisi inakula 1,500,000, lakini kuna katoni 300 ambazo hazikutengenezwa wakati kodi yake imelipwa. Ile 1,200,000 isiyopata wa kuibeba inakatwa palepale. Faida: 1,300,000. Mwezi wa kuuza 700 na mwezi wa kuuza 1,000, faida ileile! Jumlisha miezi yote miwili, kila njia inakupa 2,600,000. Stoo ikirudi ilipoanza, na gharama zisipobadilika, ugomvi unakwisha wenyewe.

Mfuga Nyuki, Sikonge: Na sisi huku Tabora yametukuta. Msimu wa asali tulinunua ndoo nyingi, stoo ikajaa, faida ikaandikwa nzuri lakini fedha hakuna. Kumbe ni hizi gharama za kudumu!

Mzee wa Mwanga: Lako ni lingine, ndugu wa Sikonge. Bei ya kununulia asali inafuata ndoo kwa njia zote mbili. Ukinunua ndoo 50 zikabaki stoo, faida haijaguswa, fedha ndiyo imegeuka asali. Tofauti tunayoisema inakuja pale tu kodi ya chumba cha kuchujia na mshahara wa msimamizi vinapowekwa ndani ya gharama ya ndoo. Ila kama mmeipa asali ya stoo bei ya kuuzia, hapo mmejiandikia faida ambayo haijapatikana.

Dada wa Kibirizi: Kabla ya kumpa meneja chochote, naomba kuuliza hao vibarua. Mnawalipa kwa katoni au kwa mwezi?

Mweka Hazina, Ujiji: Kwa mwezi, dada. Ni kama 2,000 kwenye ile 14,000.

Dada wa Kibirizi: Basi hata yule kijana wa daftari kakosea. Hiyo ni 2,000,000 inayolipwa hata mafuta yasipopatikana, kwa hiyo iungane na kodi ya banda. Gharama za katoni zinabaki 12,000, za kudumu zinafika 6,000,000. Katoni 700 zinaacha 7,000,000, toa 6,000,000, toa 1,500,000. Mmepata hasara ya 500,000. Na ya mhasibu haisogei, ni 1,300,000 ileile, kwa sababu kwake mshahara ulikuwa ndani ya katoni tangu mwanzo.

Mzee wa Mwanga: Umenipiga bao, dada. Nilipaswa kuliuliza hilo kwanza.

Mkaguzi, Kigoma Mjini: Msimwonee mhasibu. Hesabu za kutoka nje, za benki na za mkaguzi, zikifuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, kile cha stoku, IAS 2, kinamtaka aweke gharama za kudumu za uzalishaji ndani ya stoku, kwa kiwango cha uzalishaji wa kawaida. Ofisi na duka haziingii, na hakuziingiza. Hesabu ya kijana ni ya kuamulia mambo ndani ya kikundi. Hata hivyo, sikubali kwamba gharama hizo zilizoingia stoo ni za uongo. Sabuni haitengenezwi bila banda.

Dada wa Kibirizi: Haitengenezwi, sawa. Lakini ukimlipa meneja bonasi kwa hesabu hiyo, siku mauzo yakilala atachemsha tu ajaze stoo. Mimi ningeandika kwenye mkataba wake: bonasi kwa faida isiyobeba gharama za kudumu stoo.

Mkaguzi, Kigoma Mjini: Na akiandaa mzigo mapema kwa sababu mawese yataadimika, mumwadhibu? Kwa hesabu yako mwezi huo ataonekana mzembe. Ningepima kwa mwaka mzima, si kwa mwezi.

Dada wa Kibirizi: Mwaka nao unaweza kufungwa stoo ikiwa imejaa.

Kijana wa Gungu: Hizo katoni 500 zikikaa si zinakauka na kupungua uzito? Mnunuzi akishusha bei je?

Mkaguzi, Kigoma Mjini: Swali zuri. Zikiwa haziwezi kuuzika zaidi ya 17,000 baada ya kutoa gharama za kuziuza, mhasibu lazima azishushe kutoka 18,000. Hapo 500,000 inatoka kwenye faida mara moja. Mweka hazina, nenda stoo kapime uzito wa mche mmoja wa katoni za zamani, halafu uturudie.