Naomba ushauri: mngurumo wa friji kwenye sauti ya bibi

Habari zenu wakuu. Nimemrekodi bibi akisimulia utoto wake, dakika 40, friji ikinguruma nyuma. Natumia Audacity. Nilichukua sekunde 3 za ukimya kama sampuli, nikaweka Noise Reduction 24 dB. Mngurumo uliisha, lakini sauti yake ikawa kama inatoka ndani ya bomba, na kila "s" na "sh" inachuruzika kama maji. Kwa 8 dB anabaki yeye mwenyewe, ila mngurumo unarudi kila anapovuta pumzi. Notch Filter ya 50 Hz ilisaidia kidogo tu.

Je, nikate pia 100 na 150 Hz kwanza, halafu nipitishe Noise Reduction mara mbili kwa 6 dB? Au nikubali mngurumo kidogo ubaki? Faili la asili ninalo, sijaligusa.