Insha ya Salma na wino mwekundu

Mama Salma (Bremen): Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nimewatumia picha ya insha ya Kijerumani ya Salma, iliyorudishwa leo ikiwa imejaa wino mwekundu, na chini kabisa pameandikwa 3+. Herufi za pembeni sizielewi, naye mwenyewe amejifungia chumbani.

Mjomba Khamis (Tanga): Waalaikum salaam, dada. Ikiwa ni 3 juu ya 10, basi ameanguka, ila naona amewekewa vema tatu katikati ya mistari.

Rehema: Shikamoo, mjomba. Naomba radhi, yote mawili sivyo. Shule za Ujerumani huhesabu kuanzia 1, iliyo bora, hadi 6. 3 ni ya kuridhisha, na alama ya jumlisha inaonyesha kuwa ameielekea 2. Hizo unazoziona kama vema, √, ni alama za neno lililoachwa. Tazama mstari wa nne, "Ich gehe in Schule": imekaa kabla ya Schule kwa kuwa amesahau "die".

Mjomba Khamis: Marahaba. Kumbe nimemsifu kwa makosa.

Rehema: Herufi za pembeni ni vifupisho: R ni tahajia, Z ni vituo, Sb ni mpangilio wa sentensi. Nimehesabu alama 11, na 6 kati yake zimetokana na neno moja tu, "weil". Ameandika "Ich blieb zu Hause weil ich war krank". Kabla ya weil hapana koma, ndiyo Z. Kisha kitenzi "war" kilipaswa kwenda mwisho, "weil ich krank war", ndiyo Sb. Amelirudia hilo mara tatu, kwa hiyo ukurasa unatisha kuliko kosa lenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Mjukuu wangu aliandikiwa "sp" kila mahali kwenye insha ya Kiingereza, nikamgombeza nikidhani ni sifuri. Hiyo W ya mstari wa tisa nayo ni tahajia?

Rehema: Hapana, shangazi. Walimu wengine huitumia kwa neno lisilofaa, wengine kwa neno lililorudiwa, na hapo "dann" imerudiwa lakini pia haifai sana. Vifupisho hutofautiana baina ya walimu, hivyo Salma atafute orodha waliyopewa darasani.

Mama Salma: Na sentensi ya chini, "Berichtigung bis Freitag, Unterschrift"?

Rehema: Hiyo ndiyo inayokuhusu wewe: masahihisho yafike ifikapo Ijumaa, nawe utie saini kwamba umeiona.

Mama Salma: Nimeshatia. Salma amefungua mlango, anauliza kama aandike upya insha nzima.

Rehema: Walimu niliosoma kwao walitaka sentensi kamili zilizosahihishwa, si neno peke yake wala insha yote. Wa kwake sijui. Amwulize kesho kabla hajaanza.