Siku 2 zimepotea kuchora upya faili la STEP lililohitaji dakika 20 tu!

Mchora_Vyuma:
Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mteja ametuletea hausingi ya beringi kwa faili la STEP. Ukiifungua, kwenye mti wa hatua unakuta mstari mmoja, `Imported1`. Skechi hakuna, historia hakuna. Faili la namna hiyo hubeba nyuso na kingo. Njia aliyopita mchoraji wa kwanza imebaki kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa beringi ya 6204 na kuweka 6205. Tundu la milimita 47 liwe 52, kina cha 14 kiwe 15, na ukuta wa nje utanuke ili unene ubaki 8. Nikamwambia msimamizi nitashika nyuso zenyewe nizisogeze. Akakataa katakata! Kwake modeli isiyo na mti si modeli, nichore kila kitu upya.

Nikakaa siku 2 napima na kuchora. Hausingi ni ya kumimina, kuta zina mteremko wa digrii 2. Mdomo unaovaliwa na kifuniko niliupima upana chini, nikautumia kwenye skechi ya juu. Kimo cha mdomo ni milimita 12, kwa hiyo juu umezidi 0.42 kila upande, na nafasi ya kifuniko ni 0.3 tu. Kifuniko kimegoma. Kosa la kupima ni langu, lakini huo mdomo hakuna mtu aliyeomba uguswe! Ukichora upya unabeba jukumu la kila kipimo, hata vile ambavyo mteja ameridhika navyo.

Jana nikarudi kwenye faili la mteja. Nikaanza na `Delete Face` kwenye kona ya mviringo ya nusukipenyo 4 chini ya ukuta wa nje. Nyuso za jirani zikakutana zenyewe kwa kona kali. Tundu nikalisogeza 2.5 kwenda nje, ukuta wa nje vilevile 2.5. Sakafu ya beringi nikaishusha 1 pamoja na uso wake wa chini, isije ikawa nyembamba. Tundu la shafti nalo nikalipanua, kisha nikairudisha kona. Dakika 20, na mdomo haukutikisika.

Baba_Skechi:
Pole ndugu. Hata mimi mti wangu uliwahi kuwa mwekundu wote baada ya kufuta skechi moja. Jaribu kurudi nyuma hatua moja moja mpaka uone ilipokatikia.

Mchora_Vyuma:
Kaka, wako ulikatika. Wangu haupo kabisa, hakuna hatua ya kurudia.

Kijana_wa_Modeli:
Mbona programu nyingi zina amri ya kutambua maumbo? Unabonyeza, mti unarudi, msimamizi anafurahi.

Fundi_Mkongwe:
Unarudi mti fulani, si ule wa mwanzo. Matundu na vitu vilivyonyooka hutambuliwa vizuri. Kwenye kitu cha kumimina, kona za mviringo zinapoingiliana na mteremko, mara nyingi amri hiyo huishia njiani na kukuachia kipande kikubwa bila jina.

Mleta uzi, umefanya sawa, na kuondoa kona kabla ya kusogeza ukuta ndiyo iliyokuokoa. Wengi husogeza kwanza, kona inakosa uso wa kuegemea, amri inakataa, halafu wanailaumu njia nzima. Ila kabla ya yote bofya ukingo wa tundu. Ukipewa kipenyo, ni duara la kweli. Ukipewa urefu tu, huenda faili limegeuza tundu kuwa uso huru. Hapo hakuna kipenyo cha kubadili, ufute uso huo uzibe, kisha utoboe upya.

Na ukimaliza, toa modeli ya zamani ndani ya mpya, halafu mpya ndani ya zamani. Kinachobaki kiwe pale ulipogusa tu. Kikionekana kipande chembamba kwenye mdomo, umeharibu kitu.

Mchora_Vyuma:
Asante sana mkuu. Nimejaribu sasa hivi, mabaki yote yako eneo la beringi.

Mama_Mould:
Mimi niko na msimamizi. Mwezi ujao mteja akitaka 6206 je? Hiyo ni 62 kwa nje na upana 16. Utaanza tena kwa mkono, na aliyekuja baada yako hataelewa kwa nini ni 2.5.

Fundi_Mkongwe:
Kama saizi zitakuja nyingi, nakubaliana nawe, chora yenye vipimo. Kwa badiliko moja, hapana. Isitoshe, zipo programu zinazoandika kila `Move Face` kama hatua kwenye mti, na namba yake inabadilika.

Mama_Mould:
Namba inabadilika, ndiyo. Lakini kwa 6206 ukuta wa nje unafika 78, utagonga vichwa vya bolti, na hatua hiyo haitakuonya. Skechi yangu ingenionya.

Mchora_Vyuma:
Ingekuonya kama ungekumbuka kuziweka bolti kwenye skechi hiyo, dada. Faili la leo nimeshamtumia msimamizi pamoja na picha ya mabaki. Hajajibu.