Takwimu za awali: kitabu cha kliniki au kaya kwa kaya?

Swali: "Naandika ripoti ya chuo, mradi wa afya ya jamii, kata moja Moshi Vijijini. Kiashiria: wajawazito wanaoanza kliniki kabla ya wiki 12. Kitabu namba 6 cha MTUHA, rejesta ya wajawazito ya zahanati, kina mahudhurio ya kwanza 283, makadirio ya wajawazito wa kata ni 240, napata asilimia 118. Kwa takwimu ya awali, yaani hali ilivyo kabla ya mradi, nikiache kitabu nikahoji kaya?"

Mtathmini, Moshi: Kitabu hakina kosa, ila hiyo asili ya 240, namba unayogawia, si ya kiashiria chako. Makadirio hayo yanatokana na sensa, na zahanati inahudumia hata wanaotoka kata jirani. Kwa kiashiria chako asili ni wajawazito walioandikishwa. Soma safu ya kijiji, ondoa wasio wa kata. Wakibaki 200, na 70 kati yao walianza kabla ya wiki 12, takwimu ya awali ni asilimia 35.

Mwanafunzi, Arusha: Kaka, kitabu hakimwoni asiyekuja kabisa. Hoji kina mama 96 waliojifungua mwaka uliopita, ndiyo sampuli ya kawaida.

Mtathmini, Moshi: La asiyekuja nakubali. Lakini 96 inakupa kiwango cha siku moja, kikiyumba pointi 10 juu au chini. Mradi ukipandisha 35 hadi 45, raundi mbili za watu 96 haziwezi kuthibitisha, kwani tofauti inayoonekana ni kuanzia pointi 14 hivi. Ukitaka kuiona hiyo ya pointi 10 kwa uhakika unahitaji karibu 370 kila raundi, na kata haina hata kina mama hao kwa mwaka.

Mama wa Ngaramtoni: Sisi kwenye mradi wa vyoo tulihesabu semina tu, lengo 20, tukafanya 20. Si rahisi zaidi?

Mtathmini, Moshi: Hiyo inapima kazi yenu, mama, siyo vyoo vilivyojengwa.

Nesi wa kliniki: Ukihoji kaya, omba kadi, usitegemee kumbukumbu. Mama asiye na kadi hutaja mwezi aliokumbuka. Na hata kitabuni, wiki za mimba zinategemea tarehe ya hedhi ya mwisho. Ikikosekana hukadiriwa kwa kupima tumbo. Angalia pia wahamiaji: aliyeanzia mjini akaletwa kwetu akiwa na wiki 20 akiandikwa kama hudhurio la kwanza, anakushusha asilimia bure.

Muuliza: Asante, shikamooni. Basi lengo niweke 80?

Mtathmini, Moshi: Marahaba. Kwa mwaka mmoja? Hapana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kama theluthi moja tu wanaanza mapema, toka karibu robo mwaka 2015/16. Pointi 10 zilichukua takriban miaka sita. Mimi ningeandika 45, na kila robo mwaka nisome kitabu kilekile kwa vigezo vilevile.

Nesi wa kliniki: Hata 45 naona ni ndoto. Wengi hawasemi mimba hadi ionekane, na semina haigusi hilo.

Mwanafunzi, Arusha: Mimi bado nasema asiyekuja apimwe. Angalau kaya 30, mtu ajue hali.